Liondoeni hilo beseni



Ndugu yangu wa Bukoba, wa Muleba na popote ulipo, leo nazungumza habari ya beseni. Lile linalopitishwa kabla ya kula, kwenye walima, kwenye khitma, hata nyumbani kwako wageni wakija. Mimi nasema liondoke. Na nasema liondoke kwetu Waislamu kwanza, kwa sababu sisi ndio tunaojiamini zaidi. Ukimgusia mtu habari ya kunawa mikono anakwambia, "Sheikh, sisi tunatawadha mara tano kwa siku, tufundishwe nini tena?" Subiri, nitakufikia.

Hivi karibuni niliitwa kwenye zahanati moja ya kijijini huko Muleba, siku ya kliniki ya watoto. Akina mama wamekaa kwenye mabenchi, watoto wanasubiri kupimwa uzito, na muuguzi anatoa somo la kunawa mikono. Hakuanza na vijidudu. Aliwauliza, "Mama, ukimaliza kumenya ndizi, ule utomvu unautoaje mikononi?" Wote wakacheka, maana hapa kwetu nani hajui utomvu wa ndizi? Unanata, unageuka mweusi, na ukimwagia maji peke yake unakutazama tu. Ndiyo maana wengi hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Akauliza tena, "Na ukichambua dagaa, harufu inatoka kwa maji?" Wakajibu haitoki. "Basi," akasema, "uchafu wa chooni nao unashika vilevile, tofauti ni kwamba huo hauuoni na wala hauunusi."

Nimesikiliza mawaidha mengi ya afya, lakini hilo lilinikaa.

Tuelewane sababu yake. Ngozi ya mkono ina mafuta yake ya asili, na juu yake unaongeza mafuta ya chakula, jasho, vumbi. Vijidudu vimenasa humo. Maji hayapatani na mafuta, kila mama aliyeosha sufuria ya senene kwa maji ya baridi anajua. Sabuni inapatana na vyote viwili: upande mmoja unashika mafuta, upande wa pili unashika maji, kisha maji yanapotiririka yanaondoka na mzigo wote. Vile vya kipindupindu na vya kuhara vinang'olewa na kusombwa. Virusi vingine, kikiwemo cha Marburg ambacho mkoa wetu unakijua, vimevikwa ganda la mafuta, na sabuni inalipasua ganda hilo. Mayai ya minyoo ni magumu zaidi, yananata chini ya kucha, na hayo dawa yake ni kusugua na kukata kucha.

Kwa hiyo kazi iko kwenye vitu vitatu: sabuni, kusugua, na maji yanayotiririka. Kusugua ni kwa muda wa kuhesabu polepole moja mpaka ishirini, viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, kidole gumba, na chini ya kucha. (Kuna aliyeniuliza kama anaweza kusoma Fatiha kupima muda. Ndugu yangu, mlangoni pa choo? Hesabu tu.)

Sasa turudi kwako wewe unayetawadha mara tano. Udhu wako ni ibada, na kuosha viganja mwanzoni ni kuzuri sana. Lakini udhu ni wa maji, hauna sabuni. Na sisi tunastanji kwa maji kwa mkono wa kushoto. Fiqhi inakuambia najisi imeondoka ikiondoka rangi, harufu na ladha. Hiyo ni hukumu ya twahara na mimi siigusi. Ila kijidudu hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Mkono unaweza kuwa twahara kwa ajili ya swala, na bado ukawa na cha kumharisha mtoto. Ni mambo mawili, usiyachanganye.

Wala usiseme sabuni ni mambo ya wazungu. Katika hadithi ya Bi Maimuna kuhusu kuoga janaba, imesimuliwa kwamba Mtume (s.a.w.) baada ya kujisafisha alisugua mkono wake kwenye udongo au ukutani, kisha akauosha, ndipo akaendelea. Jiulize, maji yalikuwepo, kwa nini akasugua? Na ile hadithi nyingine inayojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, kwamba aliyeamka usingizini asiingize mkono chomboni kabla hajauosha mara tatu, kwa kuwa hajui mkono wake ulilala wapi. Izingatie hiyo kwa makini, maana inahusu beseni moja kwa moja: mkono usiingie kwenye maji ya watu wote.

Sisi tunafanya nini? Chukulia khitma ya watu ishirini. Kijana anapita na beseni. Kwa wazee wawili watatu wa mbele anamimina kwa jagi kwa adabu. Jagi linaisha, mstari ni mrefu, basi waliobaki wanachovya. Wa tano anachovya kwenye maji ya wanne. Wa kumi na tano anachovya kwenye maji ya watu kumi na nne, na mmoja wao ametoka chooni sasa hivi, mwingine ametoka kumtawaza mtoto. Kisha kinapita kitambaa kimoja cha kufutia, kimelowa kabla hakijafika katikati. Halafu wote wanazunguka sinia moja la pilau, mikono ya kulia mingi ndani ya chakula kimoja. Aliyefika na mikono misafi ameondoka kwenye beseni na mikono michafu kuliko alivyokuja. Angekula bila kunawa ingekuwa nafuu kwake! Sisemi msinawe, nasema hilo si kunawa.

Na nimetaja kumtawaza mtoto kwa makusudi. Wapo wanaoamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina neno, kwa kuwa ananyonya tu. Sivyo. Kina vijidudu kama cha mtu mzima, na mkono uliomtawaza mtoto ndio huohuo unaokwenda kumenya ndizi au kumlisha kaka yake. Ukimaliza kumtawaza, sabuni. Ukitoka chooni, sabuni. Kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto au kumnyonyesha, sabuni. Mtoto mdogo anayeharisha anaishiwa maji mwilini haraka sana, kwa hiyo hapa hatuzungumzii ustaarabu tu.

Mtaniambia, "Sheikh, wakati wa Marburg tulinawa sana." Kweli. Ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023, kwenye kata za Maruku na Kanyangereko, Halmashauri ya Bukoba, na mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, huko Muleba. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, mmoja wao mhudumu wa afya, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuisha. Mwaka 2025 ukaja tena mkoani kwetu, Biharamulo, wakafariki watu 10. Kila duka lilikuwa na ndoo ya koki mlangoni. Leo zitafute ndoo hizo. Nyingine zimerudi kuchotea maji, nyingine zipo lakini koki imekauka na buibui amejenga.

Hapa lazima niseme kitu kwa uwazi, kwa kuwa kinatuhusu. Kunawa hakutoshi kwa Marburg. Ugonjwa ule unapita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na unabaki kwenye mwili wa maiti. Usimuoshe maiti anayeshukiwa kwa ugonjwa huo ukasema nitanawa baadaye kwa sabuni. Waachie wataalamu wenye mavazi ya kinga. Dini haijakubana hapo: kwenye Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, mwongozo wa mazishi wa Shirika la Afya Duniani uliweka nafasi ya Muislamu kufanyiwa tayamamu juu ya mfuko uliofunga mwili, badala ya kuoshwa. Maiti amepewa heshima yake na hakumfuata mwingine kaburini.

Sasa beseni likiondoka, liwekwe nini? Kama bomba lipo, vizuri. Kama ni shughuli, weka ndoo ya koki yenye sabuni pembeni, au kijana mmoja amimine kwa jagi mpaka mtu wa mwisho, na beseni libaki chini kupokea maji machafu tu. Kitambaa ondoa, mikono ikauke kwa hewa. Hesabu mwenyewe: ukitumia robo lita kwa mtu, watu ishirini ni lita tano. Dumu moja la mafuta ya kula. Shughuli nzima ya nyama na mchele, lita tano zinatushinda?

Na nyumbani karibu na choo tengeneza kibuyu chirizi, haina gharama. Chukua dumu la lita tano lililooshwa. Pasha msumari moto, toboa tundu moja upande wa juu, vidole vinne mpaka sita chini ya kifuniko, dogo, maana likiwa kubwa maji yanaisha kwa watu watatu. Lipitishe kwenye fito iliyolala juu ya nguzo mbili za panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, wewe hujagusa kitu. Maji yasijazwe kufika kwenye tundu. Chini weka changarawe pasiwe na tope. Sabuni itoboe, uining'inize kwa kamba. Ukiona inaibiwa au inaliwa na panya, chukua chupa ya lita moja na nusu, tia maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa, toboa kifuniko, uitundike. Kama sabuni hakuna kabisa siku hiyo, majivu safi ya jikoni ni bora kuliko maji matupu, ila yanakwaruza ngozi na hayawi badala ya sabuni kila siku. Na vile vitakasa mikono vya chupani havifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye mafuta au udongo, wala haviondoi mayai ya minyoo. Ukitoka shambani, nawa.

Vibuyu chirizi vingi vinakufa ndani ya mwezi mmoja, na sababu ni moja: hakuna aliyepangiwa kuvijaza. Mpe kazi hiyo mtoto mmoja kwa jina, baada ya Alfajiri. Wewe baba kazi yako ni kuangalia chini. Ikifika saa nne asubuhi, watu wa nyumba wote wameshakwenda chooni, na changarawe bado ni kavu, basi hakuna aliyenawa, hata wakikwambia wamenawa. Na pale msikitini kwenu, mahali pa kutawadhia, mlango wa choo uko hatua chache tu. Ijumaa hii angalia kama kuna kipande cha sabuni.