Unga Usioujua Unaziua Figo

Wewe unayechota kijiko cha unga wa mitishamba kila asubuhi, uwe unatafuta kupunguza tumbo, kusafisha damu au kutuliza mgongo, nisikilize kabla hujachota kingine. Sisemi kwamba tiba asili ni uongo. Nasema kwamba mzizi ukishasagwa hakuna ajuaye tena ni mzizi gani, na mara nyingi anayekuuzia naye ameununua ukiwa umeshasagwa.

Yaliyotokea Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, yanatosha kututisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene iliongeza unga wa mitishamba ya Kichina katika dawa zake. Mmea mmoja uliokusudiwa ni Stephania tetrandra. Kwa Kichina jina lake linakaribiana na la mmea mwingine, Aristolochia fangchi, na huo wa pili ukaingia mahali pa wa kwanza. Hakuna aliyedhamiria ubaya. Mwaka 1993 madaktari walitangaza kwamba wanawake waliotibiwa pale, baadhi yao wakiwa bado vijana, figo zao zilikuwa zimesinyaa na kujaa makovu. Baadaye idadi yao ilipita 100. Asidi iliyomo katika mmea ule huingia katika chembe za mirija midogo ya figo na kuziharibu pole pole. Wengi waliendelea kudhoofika hata baada ya kuacha dawa, na miongoni mwa 39 walioondolewa figo na kuchunguzwa, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo.

Wako watakaojibu kwamba babu zetu walitumia miti shamba wakazeeka salama. Ni kweli, lakini tuangalie walivyoitumia. Mganga aliuchimba mzizi mwenyewe, akaujua mti wake, akauchemsha, na mgonjwa akanywa siku chache mpaka homa ikaisha. Kunywa unga wa mkebe usio na jina la mmea, miezi na miaka, bila ugonjwa uliopimwa, si desturi ya babu yeyote.

Kuna hila nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Katika nchi nyingi, unga wa kutibu maumivu ya viungo na mgongo umekutwa umechanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki, au na steroidi. Ndiyo maana mtu aliyeteseka kwa miaka anapona siku ileile na kuwasimulia majirani. Mimi nafuu ya namna hiyo hunitia shaka kuliko furaha. Dawa za jamii ya diklofenaki huuzuia mwili kutengeneza kemikali inayopanua mishipa iletayo damu kwenye figo. Mwenye afya huenda asidhurike kwa siku chache, lakini mzee, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au aliyepungukiwa maji kwa kuhara, hunyimwa damu ya figo wakati anapoihitaji zaidi. Chumvi na maji hubaki mwilini, na hapo uvimbe huanza.

Basi zitazameni dalili. Kope zinavimba unapoamka. Jioni viatu vinabana, na soksi inaacha mfereji mguuni. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa mguu: pakibaki shimo, ni maji yaliyokaa. Mkojo unapungua ingawa unakunywa kama kawaida, au unatoa povu lisilotoweka. Mtu mzima kwa kawaida hukojoa kati ya lita moja na mbili kwa siku. Mwenye shaka akusanye mkojo wake wa saa 24 katika chupa ya lita. Usipofika nusu lita, asingoje kesho kwenda hospitali, na kama anahema au mkojo umekatika kabisa, aende saa hiyohiyo.

Lakini asiyevimba asijidanganye. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya kazi yake huku mwenyewe akilima na kula vizuri, na sumu ya Brussels hasa ilijificha hivyo: wengi hawakuvimba, bali walijulikana kwa kipimo cha damu. Aliyetumia unga kwa muda mrefu aombe apimwe kreatinini katika damu, protini katika mkojo, na shinikizo la damu. Kreatinini moja nzuri haitoshi, maana hupanda kwa kuchelewa. Ipimwe tena kadiri daktari atakavyoelekeza.

Unga uachwe leo, ila dawa ulizoandikiwa hospitali usiziguse bila kuuliza. Lakini ukiuona mwili umelegea na kizunguzungu kikikushika baada ya kuacha unga ulioutumia muda mrefu, rudi hospitali haraka, kwani huenda ulikuwa na steroidi, nazo haziachwi ghafla. Nenda na mkebe wenyewe na unga uliobaki ndani, umwambie daktari umeutumia tangu lini na vijiko vingapi kwa siku. Wengi huona haya wakaficha, hasa unga ukiwa wa nguvu za kiume, na daktari hubaki akitafuta chanzo mahali kisipokuwepo huku makovu yakiongezeka.