Binamu Hatoshi

Orodha hiyo mmekwisha kuiona. Imo katika kurasa za mwanzo za daftari la kila mwanafunzi wa Kiswahili: kushoto neno la kigeni, kulia neno letu, na katikati alama ya sawasawa. Anko ni mjomba. Anti ni shangazi. Kuzeni ni binamu. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na leo naandika kuipinga.

Kosa lake si dogo. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, basi. Ndugu wa kiume wa baba si mjomba hata kidogo: ni baba mkubwa au baba mdogo, kutegemea kama alizaliwa kabla au baada ya baba aliyekuzaa. Vivyo hivyo shangazi ni dada wa baba, ilhali dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Orodha yetu imeugawa ulimwengu kwa kisu cha mgeni, ambaye kwake wazazi ni wawili tu na wengine wote ni watu wa kando. Kiswahili hukata penginepo. Humpa mtoto baba kadhaa na mama kadhaa, kisha huwaweka mjomba na shangazi mahali pao pa pekee.

Hapa Rumonge, penye Kirundi na Kiswahili katika nyumba moja, mpango huu hauhitaji kufafanuliwa. Ndugu wa kiume wa baba kwa Kirundi ni data wacu, yaani baba yetu, na dada wa mama ni mama wacu. Mjomba ni marume, neno lenye shina la uume ndani yake, kana kwamba ni mama aliyezaliwa mwanamume. Shangazi ni masenge. Mtoto wa data wacu ni ndugu yangu kama aliyezaliwa na mama yangu, lakini mtoto wa marume au wa masenge ni muvyara. Mtu huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujikwaa. Hujikwaa pale karani anapochukua kalamu kuandika Kifaransa.

Chukua mfano, nilioutunga ili nisimtaje mtu, ila hauko mbali na mambo ya pwani hii. Mwanamume alizaliwa hapa mwaka 1970. Mwaka 1972, mauaji yalipoikumba nchi, baba aliyemzaa alifariki, na mdogo wake akambeba mtoto hadi Tanzania. Wakaishi Ulyankulu, mojawapo ya makazi ya wakimbizi wa mwaka ule. Kwenye fomu, penye nafasi ya jina la baba, pakaandikwa jina la baba mdogo. Nani angeandikwa mwingine? Ndiye aliyemlisha, akamsomesha, na akafia huko mwaka 1985.

Mwaka 2008, wakimbizi wa 1972 walipokuwa wakirejea, naye akarudi, akakuta shamba la michikichi la babaye limeshikwa na mtu mwingine. Migogoro ya namna hiyo ilijaa Rumonge, na tangu mwaka 2006 ilikuwapo Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine ya kuisikiliza. Anaeleza: baba alifariki hapa mwaka 1972. Baadaye kidogo anaeleza: baba tulimzika Ulyankulu mwaka 1985. Karani anatafsiri neno kwa neno, na yote mawili yanaingia katika faili kwa neno moja la Kifaransa. Asomaye faili hilo mjini, bila kumwona msemaji, anaona baba mmoja aliyekufa mara mbili, na jina la baba lisilolingana na fomu ya ukimbizini. Mtu aliyesema kweli tupu amekuwa mwongo wa maandishi.

Na majina hayatamwokoa. Warundi wengi hawana jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto hupewa lake. Baba, mdogo wake na mtoto waweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi moja. Uhusiano wao umebebwa na neno la udugu peke yake, na neno hilo ndilo karani alilolivunja.

Sasa aje shahidi. Msemaji anasema, huyu ni ndugu yangu. Karani mwerevu kuliko wa kwanza anauliza kama wamezaliwa tumbo moja, anajibiwa la, basi anafuta na kuandika kuzeni. Anadhani amesahihisha. Kumbe ameficha jambo ambalo shauri zima linalitegemea. Ikiwa shahidi ni mtoto wa baba mdogo, ni mtu wa ukoo uleule, naye ana haki yake katika ardhi, maana urithi wa mashamba nchini kwetu hufuata mila, na mila hufuata upande wa baba. Ikiwa ni mtoto wa mama mdogo, huitwa ndugu kwa heshima ileile, lakini ukoo wake ni wa babaye, na shamba hili halimhusu. Neno kuzeni huwafunika wote wawili kwa shuka moja. Lakini, nikiri, hata neno letu ndugu huwafunika vilevile. Sidai kwamba lugha zetu zinajitosheleza mbele ya hakimu. Nadai kwamba karani alipaswa kuuliza: kupitia kwa nani?

Wapo watakaosema tatizo ni uongo wa wakimbizi. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao, baada ya vipimo vya DNA, vilivyoanzia Nairobi, kushindwa kuthibitisha undugu uliodaiwa katika sehemu kubwa ya maombi. Ulaghai ulikuwapo, sikatai. Lakini kipimo cha damu hakiwezi kumtenga mlaghai na mtu aliyemwita mwanawe mtoto wa marehemu kaka yake, kama lugha yake inavyomwagiza.

Narudi kwa binamu, kipenzi cha orodha. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni mtoto wa kiume wa ami, ndugu wa kiume wa baba. Ajabu ni kwamba leo watu wengi humwita hivyo hasa mtoto wa mjomba au wa shangazi. Maneno huhama, na sina ugomvi na neno lililohama. Ugomvi wangu ni na mwanafunzi anayelitumia ili asiulize.

Mtaniambia kwamba kufuata njia yote kutafanya sentensi kuwa ndefu. Katika hadithi, andika baba mdogo, msomaji atazoea. Ukitafsiri riwaya ya Kiingereza, usikimbilie mjomba kabla ya kutazama: mara nyingi jina la ukoo la huyo anko litakuonyesha ni wa upande wa baba. Tafsiri zetu zimewajalia Wazungu wajomba wengi mno, kana kwamba baba zao wote walizaliwa peke yao.

Katika karatasi ya mahakama, urefu ndio wajibu. Maelezo ya yule bwana yangepaswa kusomeka hivi: Baba aliyemzaa alifariki Rumonge mwaka 1972. Alilelewa na ndugu mdogo wa kiume wa baba huyo, ambaye humwita baba, na ambaye jina lake ndilo lililo katika fomu ya Ulyankulu. Huyo alifariki mwaka 1985. Shahidi ni mtoto wa dada mdogo wa mama aliyemzaa msemaji, humwita ndugu, na hadai sehemu yoyote ya shamba.