Safari ya kazi: Kwa nini mhasibu anakataa risiti yako ya hoteli

Umelala Kisumu siku mbili kikazi, hoteli ukalipa Sh14,000 kwa M-Pesa. Ukirudi Nairobi, mhasibu anakwambia meseji ya M-Pesa haimtoshi. Si roho mbaya.

Tangu Januari 1, 2024, KRA inataka matumizi mengi ya biashara yawe na ankara ya eTIMS. Meseji inaonyesha tu kwamba pesa zilitoka kwako. Bila ankara, kampuni hairuhusiwi kuziondoa zile Sh14,000 kwenye faida yake, na kwa kodi ya asilimia 30 inalipa Sh4,200 zaidi. Ndio maana wengine wanakataa kukurudishia pesa.

Kuna wanaoleta ankara ya eTIMS na bado wanarudishwa, kwa sababu haina PIN ya kampuni. Mpe mhudumu wa mapokezi PIN ya mwajiri wako, si yako, kabla hujalipa. Kisha skani msimbo wa QR uone kama kiasi ni kilekile. Ukikumbuka wiki ijayo, hoteli italazimika kuitengua ankara ya kwanza ndipo ikupe nyingine, na hapo utazungushwa sana.

Tiketi ya ndege, kwa bahati, imeondolewa kwenye sharti la eTIMS. Lakini usipeleke pasi ya kupandia ndege peke yake, maana haionyeshi bei. Tuma tiketi yenyewe, yenye jina lako, tarehe, ulikotoka na ulikokwenda, pamoja na nauli.