Akaunti ya Mama Mdogo Imejaa

Likizo iliyopita nilikuwa Mwamgongo wakati wa giza, dagaa wanatoka kwelikweli. Mama mdogo anawauza, na ana ile akaunti nyepesi aliyofunguliwa na wakala kwa kadi ya mpiga kura tu. Tuseme ukomo wa salio ni shilingi 2,000,000, na ndani kuna 1,700,000. Mnunuzi wa Kigoma akituma 450,000, mfumo haupokei 300,000 ukarudisha zilizozidi, unakataa zote. Mama mdogo anadhani mtandao unazingua.

Kupanda ngazi si kufungua akaunti mpya, namba inabaki ileile. Unapeleka namba ya NIDA, zile tarakimu 20, hata kama kadi haijatoka. Unaweka kidole, taarifa zinalinganishwa, ukomo unapanda. Balaa ni majina: kadi ya kura ikisema Zaituni na NIDA ikasema Zaitun, umekwama mpaka urekebishe.

Ukomo siupingi, maana benki bado haijamjua mteja vizuri. Ninachopinga ni kufunguliwa kijijini, halafu kupandishwa ngazi mpaka upande boti kwenda Kibirizi. Kifaa cha alama za vidole kinabebeka jamani. Kiletwe wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nyumbani.