Bei mbili kwa kitu kimoja: ipi ndiyo bei?

Bukavu, Goma, Uvira: mama anashona gauni la kitenge, anapiga picha kwa simu, anaituma Watsapu kwa ndugu walio Bulaya. Chini ya picha anaandika: « 70.000 F / 25 $ ». Kwake yeye mambo yako wazi. Hapa Kongo kila mtu anahesabu kwa dola na kwa faranga tangu utoto. Lakini mnunuzi aliye mbali hayuko hapa, na ule mstari mfupi una mitego mitatu ndani yake.

Mtego wa kwanza ni ile alama ya dola. Wakongomani wengi waliopewa makao nje wanaishi Marekani, lakini wengine wengi wako Kanada na Australia. Nchi hizo nazo zina dola zao, na alama ni ileile. Mnunuzi wa Kanada anaona 25, anatuma 25 za kwake. Dola 25 za Kanada ni kama 18 za Marekani. Mama amenunua kitenge kwa dola 12, uzi na kitambaa cha ndani kwa dola 2. Alitegemea kubaki na dola 11 za kazi yake ya siku mbili. Anabaki na 4. Akipiga simu, mnunuzi anajibu kwa moyo safi: « Mama, niliona 25, nikatuma 25. » Hakuna mwizi hapo, lakini urafiki umeharibika.

Mtego wa pili ni ile nukta. Kwetu tumefundishwa kuandika 70.000 tukimaanisha elfu makumi saba. Anayeishi Marekani au Kanada ya Kiingereza anatumia nukta kutenga senti, na elfu anazitenga kwa mkato. Mtoto aliyekulia huko, ambaye ndiye mara nyingi anashika kadi ya benki ya familia, anaweza kusoma sabini tu. Na herufi F peke yake inasema nini? Mtu wa Goma anashika pia faranga za Rwanda, mtu wa Uvira anazijua za Burundi. Tatu hizo hazina thamani moja.

Mtego wa tatu ndio mkubwa zaidi, kwa sababu unakuja polepole. Mstari ule hausemi ipi kati ya zile mbili ndiyo bei yenyewe. Siku ulipoandikwa, dola moja ilikuwa faranga 2 800, na 25 mara 2 800 ni 70 000 kamili. Lakini picha inakaa kwenye simu za watu miezi. Mwaka 2025, watu walizoea kuona faranga ikianguka, halafu karibu na mwisho wa mwaka ikapanda ghafla. Tuseme dola imeshuka hadi faranga 2 300. Sasa 70 000 ni zaidi ya dola 30, na dola 25 ni faranga 57 500. Jirani anayelipa kwa faranga anaona amelipishwa kuliko ndugu wa Bulaya. Na ndugu wa Bulaya aliyetuma dola 25 anaambiwa zimepungua faranga 12 500. Kila mmoja ana mstari ulioandikwa na muuzaji mwenyewe, na kila mmoja ana haki.

Wako wanaosema dawa ni kufuta faranga na kuandika dola peke yake. Hapana. Jirani wa sokoni anayenunua kwa faranga ataona anafukuzwa, na yeye ndiye anayenunua mwezi ambao Bulaya iko kimya. Wengine wanasema kila mnunuzi apewe bei yake pembeni, kwa siri. Hiyo ni mbaya zaidi. Picha zinasambazwa toka kikundi hadi kikundi, na siku dada wawili wakilinganisha bei zao, muuzaji amepoteza wote wawili.

Dawa ni kuwa na bei moja, na tafsiri yake. Bei moja inashika, haibadiliki mpaka muuzaji atangaze. Ya pili ni hesabu ya siku ile tu, na lazima ionekane kwamba ni hesabu. Pesa ipi ishike? Ile ambayo muuzaji atatoa kununua mali tena. Kitenge kinauzwa kwa dola, basi gauni lishike dola. Lakini mwenye duka anayeuza unga kwa faranga, anayelipwa na kijana aliye Bulaya ili mamake aliyekimbia vita apate chakula, huyo bei yake ishike faranga. Unga ukiwa 46 000, kwa kiwango cha 2 300 mtoto atatuma dola 20. Kesho kiwango kikibadilika, dola ndizo zibadilike, unga ubaki palepale.

Kwa gauni la yule mama, maandishi yangekuwa hivi:

Gauni la kitenge: 25 USD (dola za Marekani).
Kwa anayelipa Kongo: 57 500 FC. Hesabu ya tarehe 3 mwezi wa 11, dola 1 = 2 300 FC. Inadumu siku 7.
Gharama ya kutuma pesa na kusafirisha gauni ni juu ya mnunuzi.

USD inafunga mlango wa Kanada na Australia, ambazo ni CAD na AUD. FC inajulikana hapa. Anayejaza karatasi za kampuni ya kutuma pesa ataona CDF, ni kitu kimoja. Nafasi tupu kati ya 57 na 500 haimdanganyi mtu yeyote, awe Montreali au Minova. Tarehe na kiwango vinamwezesha kila mtu kurudia hesabu mwenyewe. Siku saba zikipita, mstari wa pili unaandikwa upya, wa kwanza hauguswi.

Linabaki jambo moja ambalo wauzaji wengi wanalisahau. Simu ya pesa hapa Kongo ina mifuko miwili, wa dola na wa faranga. Anayetuma toka nje mara nyingi anaulizwa pesa ifike kwa aina gani. Akichagua faranga, kampuni inabadilisha kwa kiwango chake, ambacho huwa chini kuliko cha wabadilishaji wa barabarani. Kwa kiwango cha 2 200, zile dola 25 zinafika 55 000, na 2 500 zimebaki njiani bila mtu kuziona. Basi mstari mmoja uongezwe: « Tuma kwa mfuko wa dola. »

Na kabla ya kusambaza picha, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Itumwe kwanza kwa ndugu mmoja aliye nje, aulizwe swali moja tu: « Ukinunua leo, utatuma ngapi, na pesa ya nchi gani? » Akijibu sawasawa bila kuuliza kitu, maandishi ni mazuri. Akiuliza hata neno moja, neno hilo ndilo linalokosekana kwenye bei.