Uwiano wa 2 si fedha mkononi

Ndugu mfanyabiashara, wengi mnaniletea daftari mkiuliza faida tu. Mimi naanza na uwezo wa kulipa.

Chukua duka la pembejeo la kupanga huku Nyanda za Juu Kusini, mwezi Machi. Fedha taslimu ni sh. 150,000, bidhaa sh. 1,200,000, na wateja wanadaiwa sh. 650,000. Jumla sh. 2,000,000. Deni pekee ni la msambazaji, sh. 1,000,000. Gawanya mali kwa deni, unapata 2, na wengi watakwambia uko salama. Faida ghafi nayo inapendeza: kila sh. 100 za mauzo zinabakiza sh. 20.

Lakini msambazaji anataka fedha zake Aprili. Wakulima waliokopa watalipa wakivuna Julai, na bidhaa zilizobaki karibu zote ni mbolea ya kupandia, ambayo inasubiri msimu ujao. Zilizopo ni zile sh. 150,000, yaani senti 15 kwa kila shilingi unayodaiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kugawanya, andika pembeni ya kila mali mwezi itakapogeuka fedha. Hata ukilinganisha deni na mtaji wako hapa utapata 1, si vibaya, na bado Aprili utakwama.