Waacheni Waende Wanne

Sisi wachungaji tuna jibu moja tunalompa kijana anayekuja ofisini na kusema kuna dada anampenda. Tunamwambia, "Kama una nia njema, tafuta mshenga, peleka barua." Kisha tunafunga kwa sala, naye anaondoka. Hatujiulizi alikuja na swali gani. Mara nyingi hakuja kuuliza habari za kuoa. Alikuja kuuliza ataanzaje kuzungumza na mtu ambaye bado hamjui, ila amemwona kwenye kwaya kwa miezi sita na tangu hapo moyo haujatulia. Sisi tunamkabidhi mshenga kwa ajili ya binti ambaye hajui hata kama anapenda kucheka.

Akitoka kwetu anakwenda kwa wenzake, nao wana jibu lao: "Omba namba, mwalike chakula, mkae wawili muongee." Jibu hilo linaonekana jepesi kuliko letu. Tunasema si jepesi. Katika usharika ambao watu wote wanafahamiana, dada akionekana saa nane mchana amekaa hotelini na kaka mmoja, ikifika jioni akina mama wameshapanga rangi ya vitenge vya harusi. Akikubali mwaliko, ametangazwa kabla ya matangazo ya kanisani. Akikataa, anaonekana ana maringo. Kijana anadhani ameuliza habari ya chipsi na soda, kumbe mwenzake amesikia swali la maisha yake yote, tena analiona kwenye simu usiku, peke yake, bila mtu wa kumuuliza.

Tulimwona mmoja aliyeulizwa hivyo. Hakujibu ujumbe. Alhamisi hakuja mazoezini, Alhamisi ya pili hakuja, na mwezi haukuisha kabla hajahamia kusali usharika mwingine, kwa shangazi yake. Kijana wa watu hakufanya ubaya wowote. Aliuliza kitu kizito mno mapema mno, na kwaya ikapoteza sauti ya pili.

Hoja yetu basi ni hii: hatua ya kwanza kwa mtu unayempenda iwe matembezi ya watu wachache, watatu hadi watano, mchana, mahali pa wazi. Wapo wazee wa kanisa watakaoruka waliposoma sentensi hiyo, kwa sababu kwao vijana wa kike na wa kiume wakitoka pamoja bila mwalimu wa kwaya ni mwanzo wa aibu. Tunawaomba wafungue kitabu cha Ruthu, sura ya pili, si ya tatu ambayo kila mtu huikimbilia. Boazi alimwona Ruthu shambani mchana, mbele ya wavunaji. Aliuliza habari zake wazi, kwa msimamizi. Ulipofika wakati wa chakula alimkaribisha, naye Ruthu akaketi kando ya wavunaji, akapewa bisi, akala akashiba, akabakiza. Na kabla ya hapo Boazi alikuwa ameshawaagiza vijana wake wasimguse. Ruthu aliendelea kuokota masazo hapo mpaka mavuno ya shayiri na ya ngano yakaisha. Hayo yote yalitangulia usiku wa kiwanja cha kupuria. Wazee wetu huhubiri usiku ule na kusahau kile chakula cha mchana.

Sasa tueleze jinsi jambo lenyewe linavyofanyika, maana kulisifu tu hakumsaidii kijana. Fundi umeme mmoja wa huku kwetu Usa River alimpenda dada anayesomea uuguzi. Alikuja kwetu, na safari hiyo, kwa neema ya Mungu, hatukumtaja mshenga. Tulimuuliza, "Kuna mahali ungependa kwenda Jumamosi hata kama yeye hayupo?" Alisema ziwa Duluti, pale Tengeru, maana amekulia karibu nalo na hajawahi kulizunguka lote kwa miguu. Tukamwambia aanzie hapo.

Swali lile tulilomuuliza ndilo kipimo cha jambo zima. Kuna mzee anayetupinga kwa haki akisema, "Mchungaji, huo si mtego? Anamwambia ni matembezi ya kundi, kumbe ana lake moyoni." Tunamjibu kwamba ni mtego endapo safari itavunjika dada akisema hawezi kuja. Kama wenzake wataambiwa ghafla kwamba imeahirishwa, basi hapakuwa na safari, palikuwa na chambo. Lakini kama yeye asipokuja watu watakwenda vilevile, watalizunguka ziwa na kurudi, mwaliko ulikuwa wa kweli. Kuwa na lake moyoni si uongo. Kila anayemkaribisha mtu nyumbani kwake ana lake moyoni.

Kwa hiyo fundi wetu aliwaalika kwanza rafiki yake na dada wa rafiki huyo, ambaye naye ni mwimbaji. Hao walipokubali ndipo alipomwendea muuguzi, baada ya mazoezi, watu wakiwa bado wanapanga viti. Hakumwandikia usiku. Alimwambia, "Dada, Jumamosi tunakwenda Duluti, mimi na hawa wawili. Tunapanda daladala saa tatu hapa stendi, saa nane tumesharudi. Ukipenda karibu, na kama una mwenzako umtakaye, njoo naye." Angalieni kilichomo katika maneno hayo machache. Alijua nani watakuwepo, mahali, saa ya kwenda na hasa saa ya kurudi. Mtu anayejua saa ya kurudi hajafungiwa. Na kule kuambiwa aje na mwenzake kulimpa mlango wa kutokea ambao angeushika mwenyewe.

Juu ya nauli na kiingilio tulimkataza kijana asilipie kila mtu. Alitaka, maana alikuwa amelipwa kazi ya nyumba nzima. Tulimwambia ukimlipia mtu siku ya kwanza umemwachia deni, na dada zetu wanajua jinsi madeni ya namna hiyo yanavyodaiwa. Kila mmoja alijilipia. Yeye alibeba maji na ndizi, basi.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi ni kwa idadi. Wakiwa kumi na wanne, hiyo ni ziara ya umoja wa vijana. Utarudi hujazungumza naye hata maneno kumi. Lingine, ambalo wengi hawalioni, ni kundi lenye watu wa upande mmoja tu: kijana, rafiki zake watatu, na dada peke yake katikati. Hapo hakuna utulivu hata kama wote ni waungwana. Lakini linaloharibu kuliko yote ni utani. Rafiki mmoja anayejua siri atakohoa wakikaa jirani, atasema "shemeji" kwa mzaha, na papo hapo dada ataelewa kwamba ameletwa kuonyeshwa. Ndiyo maana tulimkumbusha fundi yale maagizo ya Boazi kwa vijana wake. Mwambie rafiki yako mapema, mkiwa wawili: usitutanie, usituache nyuma makusudi, usipotee porini ukijifanya unatafuta nyani.

Wapo wanaochagua kwenda wawili wawili pamoja na watu ambao tayari ni wachumba. Hatukatazi, ila tunatahadharisha. Wachumba walioshikana mikono muda wote huwageuza wale wengine kuwa wachumba kwa nguvu, maana ukiwa na watu wanne na wawili wameshajifunga, wawili waliobaki hawana pa kwenda ila kwa kila mmoja. Sisi tunapendelea mke na mume wa miaka michache, watu watulivu wanaoweza kubishana juu ya bei ya maembe mbele za watu bila kuona haya. Vijana wakikaa nao wanaiona ndoa ikitembea kwa miguu yake.

Na atajuaje kama anapendwa? Hatajua kwa siku moja, na anayesema atajua anajidanganya. Lakini zipo dalili. Dada anayesema hawezi Jumamosi hii na kutaja mwenyewe Jumamosi nyingine, ana nia ya kuja. Anayesema "siku nyingine, Mungu akipenda" bila kutaja siku, amekataa kwa upole, na kijana asimuulize tena mara ya tatu akidhani ni mitihani inamzuia. Njiani, tazama nani anauliza maswali. Ukiona ni wewe tu unayeuliza naye anajibu, ni adabu. Akianza kukuuliza yeye, habari za kazi yako, za mama yako, kuna kitu kinaanza.

Lazima pia tuwageukie vijana, maana wazee si wakosaji peke yao. Wapo waliolipenda kundi mpaka wakalifanya maficho. Miaka miwili wanapanda milima pamoja, wanapika pilau pamoja, na kaka bado anasema anajenga urafiki. Huo ni woga uliovaa fulana ya kwaya. Kundi ni la kukuvusha kutoka kutojuana mpaka kujuana. Halisemi kwa niaba yako. Baada ya matembezi mawili au matatu unapaswa kumwambia kwa kinywa chako, ukiwa naye, si kwa kumtuma dada wa rafiki. Hapo ndipo wawili wanapokaa peke yao, na hapo hata soda moja haina uzito tena, kwa sababu kila mmoja anajua ameketi na nani. Mshenga naye atakuja kwa wakati wake, akiwa na kitu cha kupeleka.

Tunaandika haya tukiwa na kosa letu. Miaka iliyopita, katika usharika mmoja tuliotumika, binti alipata mimba, na baraza la wazee likapitisha kwamba vijana wa jinsia mbili wasitoke pamoja tena. Sisi tuliongoza kikao hicho na tukatia sahihi. Hakuna aliyeuliza kama mimba ile ilitokana na matembezi ya kundi. Haikutokana nayo. Ilitokana na watu wawili waliokutana kwa siri kwa sababu hawakuwa na pa kukutania mchana. Tulifunga mlango wa mbele tukauacha wa nyuma wazi, kisha tukaandika kwenye muhtasari kwamba tumelinda maadili.

Fundi umeme alikwenda Duluti na wenzake watatu, na wiki tatu baadaye walikwenda soko la Tengeru, safari hii wakiwa watano, dada amekuja na mwenzake wa chuoni. Waliporudi alimwomba wakae kidogo kwenye ngazi za kanisa, akamwambia. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia anamshukuru, anamheshimu, lakini moyo wake hauko hapo. Kijana alikuja kwetu jioni hiyo, akakaa kimya muda mrefu, akanywa chai ya mama mchungaji, akaaga. Alhamisi iliyofuata tulipita mazoezini kwa kisingizio cha kuangalia taa. Yeye alikuwa upande wa tena, dada alikuwa kwenye sauti ya pili, na wote walikuwa wanaimba.